Cheti kina muhuri wa wakili, lakini roho haijatulia

Anti, shikamoo.

Nina duka la jumla la sabuni, mafuta ya kupaka na vifaa vya usafi Mbagala Rangi Tatu, na sasa nimefungua tawi dogo Chamazi, nako nimemwajiri kijana. Hesabu nilikuwa naandika mwenyewe kwenye daftari, zimenizidi. Natafuta mtu wa kushika mauzo ya maduka yote mawili, risiti za EFD, madeni ya wateja na makaratasi ya TRA.

Mama mkwe kaniletea binti wa jirani yao. Ana adabu, na kompyuta anaijua. Kaniachia bahasha yenye fotokopi ya cheti cha kidato cha nne cha mwaka 2014 na fotokopi ya transkripti ya stashahada ya uhasibu ya mwaka 2018 kutoka chuo kimoja hapa mjini. Zote zimegongwa muhuri wa wakili. Cheti chenyewe cha stashahada anasema kipo chuoni, hajakichukua kwa sababu anadaiwa ada.

Mambo yanayonitia shaka ni haya. Kwenye wasifu wake hakuandika divisheni, kaandika “Merit”, na kwenye masomo kuna alama ya B+. Mimi nimemaliza kidato cha nne hapa hapa Tanzania, sijawahi kuona B+. Halafu jina la tatu kwenye cheti silo lililopo kwenye kitambulisho cha NIDA. Nilipomuuliza akasema nikitaka uhakika nimpigie mwalimu wake wa chuo, akanipa namba. Nilipiga, mwanaume akapokea akamsifia sana.

Mume wangu anasema muhuri wa wakili unatosha, nisimdhalilishe mtoto wa watu. Mama mkwe ameshasikia kwamba nasitasita, na ameanza kununa. Lakini anayeshika hesabu zangu anashika na fedha zangu. Nitajuaje kama vyeti ni vya kweli, na nitaulizia wapi bila kuharibu undugu?

Mwenye duka, Mbagala

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na huo muhuri, kwa sababu naona ndio unaowagawa wewe na mumeo. Wakili anayegonga fotokopi anasema neno moja tu, kwamba ameona karatasi nyingine inayofanana na hii. Hajapiga simu Baraza la Mitihani wala kukanyaga chuoni, na hana jukumu la kufanya hivyo. Cheti cha kughushi kilichochapwa vizuri kikiletwa mbele yake na fotokopi yake, atagonga, na atakuwa hajadanganya. Tena hapa mjini muhuri wenyewe nao unaweza kuchongwa. Kwa hiyo mumeo hajakosea kuheshimu muhuri, ila kazi anayodhani umefanya haijafanywa na mtu yeyote bado.

Yule mwanaume uliyempigia simu na yeye tumweke pembeni. Huenda ni mwalimu kweli, huenda ni kaka yake binti. Kwa simu ile huwezi kujua, maana namba ulipewa na mtu yule yule unayetaka kumhakiki. Namba ya kuulizia cheti unaitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya taasisi iliyokitoa. Taasisi za serikali tovuti zao zinaishia na go.tz, na vyuo vingi vina ac.tz. Usichukue namba kwenye wasifu wa mwombaji, wala iliyoandikwa chini ya barua aliyoileta yeye. Anayeweza kutengeneza karatasi anaweza kutengeneza na namba ya simu.

Sasa hizo shaka zako. Nakuomba usiziweke kwenye kapu moja, kwa sababu baadhi si shaka kabisa.

Ile “Merit” na B+ ni moja ya hizo. Wewe ulifanya mtihani wakati wa divisheni, na waliomaliza miaka hii wanapata divisheni, kwa hiyo ni haki yako kushangaa. Lakini matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2014 yalitangazwa kwa mfumo wa GPA, na madaraja yake yaliitwa Distinction, Merit, Credit na Pass. B+ nayo ilikuwepo kwenye alama za kipindi hicho. Mwanzoni mwa 2016, matokeo ya mtihani wa 2015 yalipotoka, divisheni ilikuwa imesharudishwa. Kwa cheti cha 2014, kukuta neno divisheni ndiko kungenifanya niulize zaidi. Nimeona waajiri wakiwakataa vijana wa mwaka ule kwa jambo hili hili, na vijana wenyewe hawajui waanzie wapi kujieleza.

Jina la tatu kutolingana, hilo ni la kuulizia, ila nalo lina sababu nyingi za kawaida kwetu. Kuna watoto waliolelewa na mjomba wakasoma kwa jina la mjomba. Kuna walioandikwa jina la babu shuleni na jina la ukoo NIDA. Na kuna lile ambalo watu hawapendi kulisema, mtoto kufeli darasa la saba, akarudia kwa jina la mtoto mwingine aliyeacha shule, na jina hilo likamfuata mpaka sekondari. Huyo elimu ni yake, jina si lake. Sikuambii kwamba binti yako ni mmoja wao. Nasema tu kwamba ukimuuliza kwa upole, “Mwanangu, hili jina la tatu limekuwaje?”, jibu lake litakusaidia, na ulipate kabla hujaandika barua popote.

Cheti cha stashahada kubaki chuoni kwa deni la ada nalo ni jambo la kila siku. Ila hapo kuna swali dogo la kumuuliza: kama cheti kimezuiwa kwa deni, transkripti aliipataje? Vyuo vinatofautiana, kipo kinachotoa transkripti mapema na kipo kinachoshika vyote mpaka shilingi ya mwisho ilipwe. Mwenye jibu ni chuo.

Kabla ya kuuliza ofisi yoyote, mwite aje na vyeti halisi alivyonavyo, muvitazame pamoja mezani. Kile cha kidato cha nne hakihusiani na deni la chuo, kwa hiyo lazima awe nacho au aeleze kilipo. Tafuta namba ya mtihani. Kwa aliyesoma shuleni inaanza na herufi S, ikifuatiwa na tarakimu za namba ya kituo, halafu mkwaju, halafu namba ya mtahiniwa. Aliyejitegemea namba yake inaanza na P. Ukiwa na namba hiyo na mwaka, ingia necta.go.tz kwa simu yako, nenda sehemu ya matokeo, chagua CSEE, yaani mtihani wa kidato cha nne, chagua mwaka 2014, kisha shule. Itafunguka orodha ndefu ya namba, na mbele ya kila namba utaona jinsi ya mtahiniwa na alama ya kila somo. Linganisha somo kwa somo na kilichoandikwa kwenye cheti. Haikugharimu chochote zaidi ya bando.

Hapa ndipo wengi wanapofunga faili wakidhani wamemaliza, kwa hiyo tuelewane vizuri kile ulichokiona na ambacho hukukiona. Wanaochezea vyeti wana njia zao. Wa kwanza ana cheti chake mwenyewe, anabadilisha alama tu, F ya hesabu inakuwa C. Huyo orodha ya tovuti inamkamata papo hapo, kwa sababu alama za namba ile ziko wazi. Wa pili anachukua namba ya mtu aliyefaulu kweli, anachapa cheti chenye alama sahihi kabisa, ila anaweka jina lake. Huyo unaweza kulinganisha mpaka usiku, alama zitakubaliana zote. Orodha iko wazi kwa kila mtu, naye ndiko alikoitoa hiyo namba. Wa tatu hajachapa chochote, ametwaa cheti halali cha dada yake au cha marehemu, na anaishi kwa jina hilo.

Huyu wa tatu si wa kufikirika. Serikali ilipohakiki vyeti vya watumishi wake, ripoti aliyokabidhiwa Rais Magufuli mwezi wa Aprili 2017 ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Watu waliikumbuka namba hiyo. Wachache walisikia namba iliyokuwa pembeni yake, kwamba kulikuwa na vyeti 1,538 vyenye utata, vikitumiwa na watumishi 3,076. Maana yake, kwa wastani, cheti kimoja kilikuwa na wenyewe wawili. Karatasi inaweza kuwa halali, na bado aliyeishika si mwenyewe.

Kwa hiyo tovuti inakuambia kama alama ni za kweli. Kwamba alama hizo ni za binti huyu, hilo linataka barua.

Barua inakwenda wapi? Cheti cha kidato cha nne mwenyewe ni Baraza la Mitihani, NECTA, si shule aliyosoma. Stashahada ni tofauti. Chuo ndicho kilichomsomesha na, kwa vyuo vingi vya uhasibu na biashara, ndicho kinachotoa tuzo yenyewe, kikiwa chini ya usimamizi wa NACTVET, lile baraza ambalo mpaka 2021 lilijulikana kama NACTE. Kwa hiyo barua ya pili inakwenda kwa mkuu wa chuo, kwa kupitia ofisi ya msajili au ofisi ya mitihani, na kwenye tovuti ya NACTVET unaangalia kwanza kama chuo hicho kimesajiliwa na kina ithibati ya kozi hiyo. Ukikuta chuo hakipo kabisa kwenye orodha yao, usubiri kidogo kabla ya kuhukumu. Vyuo hubadili majina, na vingine hufungwa. Waulize NACTVET kwa jina la zamani na mwaka aliosoma.

Angekuambia ni mhasibu mwenye CPA, ungewauliza NBAA, bodi ya wahasibu. Binti hajasema hivyo, na kazi yako haidai hivyo, kwa hiyo usimuulize kitu ambacho hakudai.

Kabla ya kutuma, mpe karatasi ya ridhaa aisaini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na alama za mtu ni taarifa zake. Ofisi makini itakuuliza kama mwenyewe amekubali, na bila saini yake huenda wasikujibu. Maneno hayahitaji kuwa mengi:

“Mimi (majina matatu kama yalivyo kwenye cheti, na majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho), namba ya NIDA (…), naridhia Baraza la Mitihani la Tanzania limpe (jina la biashara) uthibitisho wa cheti changu cha mtihani wa kidato cha nne, namba ya mtihani (…), mwaka 2014, kwa ajili ya maombi ya kazi. Saini, tarehe.”

Ya chuo ifanane na hiyo, ukibadilisha jina la taasisi, namba ya usajili wa mwanafunzi na mwaka wa kuhitimu.

Zingatia kwamba majina yote mawili yamo ndani ya ridhaa. Ukiandika jina la kitambulisho peke yake, utajibiwa kwamba mtu huyo hayupo, na utakuwa umemtia hatiani kwa kosa la barua yako.

Barua yako iwe na kichwa cha biashara, TIN, anuani na simu, na uambatishe fotokopi ya cheti na ridhaa. Halafu uliza maswali yanayojibika. Watu huandika “naomba kujua kama cheti hiki ni halali”, wanajibiwa “ni halali”, basi, wakati swali lao lilikuwa jingine. Andika hivi: Je, namba hii ya mtihani ilitolewa mwaka 2014? Je, ilitolewa kwa jina gani kamili? Je, alama zilizo kwenye nakala hii zinalingana na kumbukumbu zenu? Kwa chuo ongeza swali la nne: je, amehitimu na kutunukiwa, au alimaliza masomo tu? Hilo la nne nalikazia. Mtu anaweza kuwa amesoma miaka yote, ana transkripti ya kweli, lakini ana somo ambalo hajalirudia na hajawahi kutunukiwa stashahada. Wengine husingizia deni la ada ili kufunika hilo. Chuo kitakujibu kwa sentensi moja.

Huduma hizi kwa kawaida zina ada. Uliza kiwango cha siku hiyo kutoka ofisini kwenyewe. Kwa taasisi ya serikali utapewa kontrol namba, unalipia benki au kwa simu, na risiti inabaki kwako. Akitokea mtu anayesema ana jamaa yake ndani, tuma elfu kadhaa kwenye namba yangu nitakuletea jibu jioni, huyo ni kishoka. Jibu lake halitakuwa na faida hata likiwa la kweli, kwa sababu hutajua limetoka wapi.

Na jibu lije kwako. Omba litumwe kwa barua pepe ya biashara au ulifuate mwenyewe. Binti asibebeshwe bahasha ya kupeleka wala ya kurudisha, hata kama ni mwaminifu kama mchana. Kama hana hatia, utakuwa umemwondolea nafasi ya kushukiwa baadaye.

Wakati unasubiri, kuna kitu kimoja anaweza kukifanya mwenyewe. Wenye stashahada wanaotaka kujiunga na chuo kikuu huomba NACTVET namba ya uhakiki wa tuzo, inaitwa AVN. Muulize kama anayo. Si kila mhitimu anayo, na imetengenezwa kwa ajili ya udahili, kwa hiyo asipokuwa nayo si dalili ya chochote. Lakini kama anayo, ujue matokeo yake yalishafika NACTVET, na una kitu cha kutaja kwenye barua.

Tuseme majibu yamerudi. Jibu zuri litakuwa fupi: namba ipo, jina ni hili, alama zinalingana. Kinachobaki ni kuunganisha jina hilo na binti aliye mbele yako. Akikuletea hati ya kiapo inayosema majina mawili ni ya mtu mmoja, ipokee, lakini ujue kiapo ni maneno yake mwenyewe aliyoyasema mbele ya mwenye mamlaka ya kuapisha. Hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati ina uzito zaidi, kwa sababu ofisi ya serikali ina kumbukumbu ya jina la zamani na jipya. Na hapa ndipo shule yake ya sekondari inapokuwa na faida ambayo Baraza halina. Mkuu wa shule hawezi kuthibitisha cheti, lakini mwalimu aliyemfundisha anaweza kumtambua kwa sura. Piga namba ya shule uliyoitafuta mwenyewe, uulize kama wanaweza kumthibitisha mwanafunzi wao wa 2014 ukiwatumia picha, naye binti akiwa ameridhia.

Jibu linaloleta shida ni lile la “hatuna kumbukumbu hiyo”. Wengi wakilisoma wanamfukuza mtu siku hiyo hiyo. Rudia kuangalia tarakimu kwanza. Sifuri iliyokaa vibaya kwenye fotokopi inaweza kusomeka nane, na mwaka wa kumaliza shule na mwaka kilipotolewa cheti vinaweza kuchanganywa. Tuma tena ukiwa na cheti halisi mkononi. Ila wakijibu kwamba namba ipo na ni ya mtu mwingine kabisa, mwanaume mathalani, au kwamba alama ni tofauti, hapo huna la kusoma upya. Mpe nafasi ya kusema alichonacho, tena mkiwa wawili, si mbele ya mama mkwe.

Ikifika huko, una njia zaidi ya moja na kila moja ina gharama yake. Unaweza kumwambia nafasi haipo na kumrudishia karatasi zake. Inatunza undugu, lakini kesho atazipeleka kwa mwenye duka mwingine. Unaweza kutoa taarifa polisi, maana kughushi na kutumia hati ya kughushi ni makosa ya jinai chini ya Kanuni ya Adhabu. Hapo utaitwa kutoa maelezo, na familia mbili zitaingia humo. Taasisi iliyokujibu nayo inaweza kuchukua hatua bila kukuuliza. Kitu ambacho ningekusihi usikifanye ni kukishika cheti chake kama dhamana, au kutupia picha yake kwenye grupu la wafanyabiashara la WhatsApp. Hapo mwenye kosa anaweza akawa wewe.

Sasa duka halisubiri barua, najua. Majibu yanaweza kuchelewa, na mwezi ukiisha TRA nao wanataka chao. Unaweza kusubiri mpaka barua zirudi, ukaendelea kujibana na daftari. Unaweza pia kumwanza kwa mkataba wa majaribio wenye kifungu kinachosema wazi kwamba ajira inategemea uthibitisho wa vyeti kutoka NECTA na chuoni, na kwamba taarifa za uongo zitaivunja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi aliyefanya kazi chini ya miezi 6 ule ulinzi wote wa kuachishwa isivyo halali, kwa hiyo barua zirudi ndani ya kipindi hicho. Lakini usidhani kwamba ndani ya miezi hiyo unamwondoa kwa mdomo. Mshahara wa siku alizofanya ni haki yake, na notisi ipo: siku 7 akiwa kwenye mwezi wa kwanza, na baada ya hapo siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Ukichagua njia hii, mpe kwanza kazi isiyomkabidhi fedha. Aoanishe ripoti za Z za mashine ya EFD na daftari lako la mauzo la mwezi uliopita, akuonyeshe zinapopishana na sababu yake. Nenosiri la benki na la mtandao wa TRA libaki kwako.

Kazi hiyo ndogo ya kuoanisha itakujibu na swali ambalo hakuna baraza litakalokujibu. Cheti kikithibitishwa, kitakuwa kimesema alifaulu mwaka 2018. Kama bado anakumbuka kutenganisha mauzo ya taslimu na ya mkopo, hilo utaliona mezani. Na ningependa ujiulize pia kama kazi ya maduka mawili inadai stashahada, au unaitaka stashahada kwa sababu tu tangazo la jirani liliandika hivyo. Ukiona kidato cha nne na uzoefu vinatosha, basi barua ya chuo inapungua uzito. Lakini hata hapo, akikutwa amedanganya juu ya stashahada, utakuwa na uamuzi mwingine wa kufanya, na huo si wa makaratasi.

Kuhusu mama mkwe. Nahisi kinachomuuma si uhakiki, ni kuonekana kwamba mtu aliyemleta yeye hakuaminiwa. Ukihakiki vyeti vya binti huyu peke yake, ana haki ya kununa. Mhakiki na kijana wa Chamazi uliyemwajiri kabla, na yeyote atakayekuja baada yao. Andika kwenye karatasi ya maombi ya kazi kwamba duka hili linathibitisha vyeti vya kila mwombaji kwa aliyevitoa, na ridhaa iwe sehemu ya fomu. Halafu mwambie mama kabla ya kutuma barua, si baada. Unaweza kumwambia, “Mama, huyu ni mtoto wako, nataka fedha ikipungua siku moja dukani, mtu wa kwanza kunyooshewa kidole asiwe yeye.” Atakubali au hatakubali, wewe ndiye unayemjua.

Na unapopeleka barua zako, beba nakala ya pili ya kila moja, igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ukirudi kufuatilia bila nakala hiyo, mara nyingi utaambiwa barua haionekani, uandike nyingine.

Anti